Joto Hula Volti, Vumbi Hula Ampea

Septemba iliyopita shemeji yangu alinipigia simu kutoka Nzuguni, pembeni mwa jiji la Dodoma. Alikuwa amesimama dukani, fedha mkononi, na nyuma yake nilisikia muuzaji akiendelea kueleza. "Shemeji, niamulie," akasema. "Hapa kuna paneli za bluu na kuna nyeusi. Huyu bwana anasema nyeusi ni za nchi za baridi, zikiletwa kwenye jua letu zinachoka upesi. Nichukue za bluu?"

Nikamwomba asitoe hata shilingi mpaka nifike. Maneno yale nimeyasikia kwa miaka mingi, tangu nilipokuwa nafunga sola mwenyewe kabla sijaanza kuandika: mono ni ya baridi, poli ni ya joto. Yanaingia akilini kwa urahisi kwa sababu kila mtu amewahi kuvaa shati jeusi juani. Lakini si kweli, na hasara yake si kwamba mtu anachagua paneli isiyofaa tu. Hasara kubwa ni kwamba anamaliza muda wake akibishana juu ya rangi, halafu anapanda juu ya paa na kufanya makosa mawili au matatu yatakayomnyang'anya umeme mwingi kuliko tofauti yote iliyopo kati ya mono na poli.

Tuanze na vitu vyenyewe. Paneli zote mbili ni silikoni. Katika mono, silikoni iliyoyeyushwa huvutwa polepole kutoka kwenye chungu ikiwa imeshikana na kipande kidogo cha mbegu, ikatoka gogo la mviringo ambalo chembe zake zote zimejipanga upande mmoja. Njia hiyo ina jina la Mpolandi Jan Czochralski, aliyeigundua mwaka 1916. Gogo hilo hukatwa vipande vyembamba, na kwa kuwa ni la mviringo, seli za mono nyingi zilikuwa na pembe zilizokatwa; ndiyo sababu ya zile almasi nyeupe unazoziona kati ya seli. Katika poli, silikoni humiminwa kwenye kalibu na kuachwa igande yenyewe. Inapoganda hufanya mafungu mafungu, kila fungu likielekea kwake. Chukua bati jipya la aina ile ya zamani, uliweke juani, uyatazame yale maua yake: hivyo ndivyo seli ya poli ilivyo. Kwenye mpaka wa kila ua na jingine, sehemu ya umeme uliokwisha kuzaliwa hunaswa na kupotea. Kwa hiyo paneli ya poli iliyotengenezwa vizuri hugeuza asilimia 16 au 17 ya jua kuwa umeme, na mono za kawaida za leo hugeuza 20 hadi 22.

Sasa hoja ya shati jeusi. Ni kweli kwamba cheusi hunywa mwanga zaidi. Lakini paneli si shati. Mwanga ilioumeza mono, sehemu kubwa zaidi inatoka kama umeme kupitia waya, na kinachobaki kuwa joto hakizidi sana kile kinachobaki ndani ya poli. Ukizipima mgongoni zikiwa zimefungwa kwa namna moja, hutofautiana kidogo tu. Jambo la kuangalia ni lingine: zikiisha kupata joto hilo, kila moja inapoteza kiasi gani?

Jibu limeandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya kila paneli, na ni namba ambayo wauzaji wengi hawaisomi. Wati zilizoandikwa kwenye lebo zilipimwa kiwandani seli ikiwa na nyuzi 25. Kila nyuzi moja juu ya hapo hukata asilimia fulani. Kwa poli, kiwango hicho kwa kawaida ni kama −0.40%/°C. Kwa mono zilizojaa madukani ni kama −0.35, na mono mpya za aina ya N hushuka hadi −0.30 hivi. Hii ina maana kwamba mono ndiyo inayovumilia joto zaidi, kinyume kabisa na alichoambiwa shemeji. Sababu yake iko kwenye volti. Joto linapopanda, kila seli hupoteza volti kwa kasi inayokaribiana, na seli nzuri huanza na volti nyingi zaidi, kwa hiyo kinachopotea ni sehemu ndogo zaidi ya volti ilizo nazo.

Hebu tuhesabu kwa Dodoma. Mwezi Novemba hewa hufika nyuzi 31 au 32 mchana. Paneli iliyofungwa penye hewa, jua likiwa kamili, seli zake hupanda nyuzi 30 hivi juu ya hewa, na zikiwa juu ya mabati huzidi kidogo. Tuseme 65. Hizo ni nyuzi 40 juu ya zile 25 za kiwandani. Poli inapoteza 40 mara 0.40, yaani asilimia 16. Mono inapoteza 40 mara 0.35, yaani asilimia 14. Ubishi wote ule wa dukani, ukiufikisha juu ya paa, ni asilimia 2. Katika mfumo wa wati 2,700 ni wati 54 saa ya jua kali, sawa na feni moja.

Hapo ndipo ninapowakasirikia mafundi wenzangu. Nilipofika Nzuguni nilikuta jirani wa shemeji ana paneli nne za poli za wati 330, na fundi wake alizilaza juu ya mabati zikigusana nayo, kwa kuwa reli zingeongeza gharama. Bati lenyewe mchana huwezi kulishika. Paneli iliyolala hivyo haina pa kutolea joto mgongoni, na seli zake hupanda nyuzi kumi au zaidi juu ya zile ambazo zingekuwa nazo. Nyuzi kumi kwa poli ni asilimia 4 nyingine. Yaani fundi mmoja, kwa kukwepa reli mbili za alumini, alimpotezea mteja wake mara mbili ya kile ambacho rangi ya paneli ingeweza kumpotezea. Nafasi inayofaa kati ya bati na paneli ni sentimita 10 hadi 15, na iwe wazi chini na juu, kwa sababu hewa ya moto hupanda: lazima iingie ukingo wa chini na itoke ukingo wa juu. Mtu akiziba ukingo wa juu ili ndege wasijenge kiota, ameziba bomba la moshi. Aweke wavu.

Vumbi ni habari nyingine kabisa, na Dodoma vumbi ndilo bwana. Mvua huisha Aprili, na tangu Mei hadi Novemba hakuna kinachoosha paa. Agosti hadi Oktoba upepo huja na udongo mwekundu kutoka mashambani na barabara za kando. Wapo wanaosema poli huvumilia vumbi kuliko mono. Vumbi halijui kuna nini chini ya kioo. Linakaa juu yake na kuzuia mwanga, na mwanga usiofika kwenye seli haufiki, iwe ya maua au ya kipande kimoja.

Lakini vumbi na joto huiba vitu viwili tofauti, na kwa hiyo unaweza kumkamata kila mwizi kwa jina lake. Joto hula volti, ampea haziguswi sana. Vumbi hula ampea, volti hubaki karibu palepale. Mtu mwenye mita ya kupimia umeme, hata ya bei ndogo, anaweza kujua ni yupi anayemwibia.

Tulifanya hivyo kwa jirani. Alikuwa hajaziosha kwa wiki kama sita. Saa moja asubuhi, kioo kikiwa bado kimepoa, tuliosha paneli moja kati ya nne na kuiacha ya pili na vumbi lake. Saa sita mchana tulizima swichi ya paneli kwanza, kwa sababu kuchomoa waya wa sola ukiwa na mzigo hutoa cheche inayoweza kuunguza plagi na mkono, kisha tukazitenganisha na kupima moja moja. Lebo ilisema volti 46 pasipo mzigo. Iliyooshwa ilisoma volti 40 na nukta, na yenye vumbi ilisoma karibu hivyohivyo. Hilo lilikuwa joto, na lilizipata zote mbili sawasawa. Kisha tukapima ampea za kila moja kwa kuunganisha ncha zake mbili kupitia mita. Safi ilitoa 8.2. Chafu ilitoa 7.1. Ukigawa, utaona asilimia 13 ya umeme wake ilikuwa imelala juu ya kioo kama unga. Jirani alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hata betri haina kosa." Alikuwa amekwisha kuanza kuulizia bei ya betri mpya.

Tahadhari moja kwa atakayejaribu. Mita nyingi za bei ndogo zina fyuzi ya ampea 10. Poli ya wati 330 inapita humo, lakini mono ya wati 450 inaweza kutoa zaidi ya 11 na kuikata fyuzi mara moja. Kwa hizo tumia mita ile ya kubana waya, yenye kusoma umeme wa disii. Asiye na mita atazame skrini ya inveta yake: aandike wati za saa sita mchana siku isiyo na wingu, aoshe kesho yake asubuhi, asome tena saa ileile, betri ikiwa bado haijajaa. Betri ikijaa inveta hupunguza yenyewe, na kipimo kinakuwa bure.

Kuna namna moja, hata hivyo, ambamo paneli za mono za siku hizi zinazishinda poli za zamani mbele ya vumbi, na haihusu kioo wala fuwele. Inahusu jinsi seli zilivyounganishwa. Vumbi halikai sawasawa. Umande wa asubuhi au kimanyunyu kidogo hulisukuma chini, likafika kwenye fremu ya alumini ya ukingo wa chini, na pale likagota na kukauka kuwa ukanda wa tope wa vidole viwili au vitatu. Paneli ya zamani ya seli 72 imegawanywa makundi matatu, na kila kundi ni safu mbili za seli zinazopanda kutoka chini hadi juu. Ikisimamishwa wima, mstari wa chini una seli sita, mbili kutoka kila kundi. Kwa hiyo ule ukanda wa tope unayabana makundi yote matatu kwa pamoja, na paneli nzima inadhoofika kwa ajili ya sehemu ndogo ya mwili wake. Ukiilaza paneli hiyohiyo ubavu, ukanda wa chini unagusa kundi moja tu, na mengine mawili yanaendelea na kazi.

Mono nyingi za leo zimetengenezwa kwa seli zilizokatwa nusu, na nusu ya juu ya paneli hufanya kazi sambamba na nusu ya chini. Tope likibana chini, juu kunaendelea na kazi. Poli chache sana zilizobaki madukani zina mpangilio huo. Ningeulizwa sababu moja ya kuchagua mono kwa ajili ya vumbi, ningetaja hiyo, nisingetaja rangi. Na aliye na poli tayari asizitupe. Azilaze ubavu kama paa linaruhusu, na azipe mwinamo usiopungua nyuzi 10. Dodoma iko karibu na nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kwa jua peke yake paneli ingeweza karibu kulala chali ikiangalia kaskazini. Lakini paneli iliyolala chali haiwezi kujisafisha hata mvua ikinyesha. Nyuzi 10 hadi 15 hupunguza jua kidogo mno, na kila mvua inafanya kazi yako.

Kuosha nako kuna kanuni zake, chache. Asubuhi mapema, kamwe si mchana, maana maji baridi kwenye kioo cha nyuzi 65 yanaweza kukipasua. Kitambaa laini au brashi laini ya mpini mrefu, bila sabuni ya unga wala mchanga. Usikanyage paneli, kwa kuwa seli huvunjika chini ya kioo bila kuonekana. Na Dodoma kuna jambo la maji yenyewe: ya visima vingi yana chumvi. Ukimwaga na kuacha yakauke juani, yanaacha utando mweupe ambao wiki hadi wiki unakuwa mgumu kutoka kuliko vumbi lenyewe. Futa mpaka kioo kikauke, au tumia maji ya mvua uliyoyakinga. Dada yangu anaweka madumu mawili kwa kazi hiyo tu, na watoto wanajua hayaguswi.

Nirudi kwa shemeji na paa lake. Upande wake wa kaskazini, ukiondoa kivuli cha tangi la maji, ulikuwa na upana wa mita 7.2. Paneli za bluu za wati 330 zilikuwa na upana wa karibu mita moja kila moja, kwa hiyo zingeingia saba: wati 2,310, na pasingebaki pa kuweka mguu. Nyeusi za wati 450, zenye upana wa sentimita 104, zingeingia sita: wati 2,700, na ingebaki njia ya sentimita 85 hivi ya kupita na brashi. Saa ile ya nyuzi 65, saba za bluu zingebaki na wati 1,940, na sita nyeusi wati 2,320. Tazama tofauti hiyo ya wati 380 imetoka wapi. Joto lilichangia sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni nafasi: mono inatoa umeme zaidi kwa kila mita ya paa, na paa la mtu lina mwisho. Isitoshe, paneli moja pungufu ni vibanio vichache na matundu machache kwenye mabati, na kila tundu ni mahali mvua ya Desemba itakapojaribu kuingia.

Kama angekuwa na uwanja mpana na akapata poli mpya, halisi, kwa bei nafuu ya kweli kwa kila wati, nisingemzuia. Lakini nafuu hiyo inazidi kuwa adimu. Tangu viwanda vilipoanza kukata silikoni kwa waya wenye almasi, gharama ya mono ilishuka sana, na viwanda vikubwa vikaiacha poli. Kituo cha sola cha Garissa nchini Kenya, kilichozinduliwa Desemba 2019, kilijengwa kwa paneli zaidi ya laki mbili za wati 265. Leo mono ya ukubwa ule ingetoa zaidi ya 340. Kwa hiyo za bluu unazozikuta dukani mara nyingi ni mzigo wa zamani, au zilizoshushwa kutoka paa la mtu mwingine, zikapigwa brashi na kubandikwa lebo mpya.

Lebo ndiyo inayoniogopesha kuliko fuwele. Pale dukani kulikuwa na paneli nyeusi, "mono ya wati 300", yenye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 67. Eneo lake ni mita za mraba 0.67. Jua kamili huleta wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo juu ya paneli ile lilikuwa linaleta wati 670. Ili itoe 300 ingepaswa kugeuza asilimia 45 ya jua. Hakuna paneli ya silikoni duniani inayofanya hivyo. Hata kwa nadharia silikoni peke yake haifiki asilimia 30. Ile ilikuwa paneli ya wati 130 au 140. Nendeni dukani na futi ya fundi. Pimeni urefu kwa upana, mzidishe: mono ya kweli ni kama wati 200 hadi 220 kwa mita ya mraba, poli kama 160 hadi 175. Ikizidi sana hapo, ondokeni.

Jirani naye alikuwa na swali lake kabla sijaondoka. Ataongeza paneli mbili nyeusi kwenye nne zake za bluu, fundi amemwambia aziunge mstari mmoja. Nilimwomba asikubali. Paneli zilizoungwa mfululizo hupitisha ampea moja, na mwembamba ndiye anayeamua: bluu zake hutoa ampea 8.8 zikiwa na mzigo, nyeusi hutoa karibu 10.9, na zikifungwa pamoja nyeusi nazo hubanwa karibu na 8.8. Karibu sehemu moja ya tano ya alichonunua ingelala. Inveta yake ina milango miwili ya paneli, kila mmoja ukijitafutia volti zake. Nne ziingie huku, mbili huku, mradi volti za zile mbili zinafika kima cha chini cha mlango wake. Ikiwa hazifiki, aongeze ya tatu. Na aangalie ampea za juu ambazo mlango unapokea, kwa kuwa mono kubwa za wati 550 huzidi 13, na inveta nyingi za zamani hazikutarajia hivyo.

Zile nne tuliziinua siku ileile, tukaweka reli na kuziacha sentimita 12 juu ya bati. Mchana uliofuata, zikiwa safi na hewa ikipita, mita ilisoma karibu volti 42 pasipo mzigo. Shemeji alinunua mono zake sita wiki iliyofuata, duka jingine, futi mfukoni.